Acha tangazo la kazi likufuate

Anayetafuta kazi ya uhasibu katika mashirika ya misaada hapa Tanzania huwa na orodha ndefu ya tovuti za kupitia kila asubuhi. Nyingi hazijabadilika tangu jana, na siku anayochoka kuzipitia ndiyo siku tangazo linapotoka. Kazi hiyo inaweza kufanywa na kompyuta.

Anza na ReliefWeb, tovuti ya Umoja wa Mataifa ambako mashirika mengi ya misaada hutangaza nafasi zao. Kwenye ukurasa wake wa kazi, chuja kwa nchi na aina ya kazi, kisha nakili kiungo cha RSS cha matokeo hayo. Huo ndio mlisho: orodha inayojiongeza kila tangazo jipya linapoingia. Ubandike kwenye programu ya kusomea milisho, kama Feedly au Thunderbird, na matangazo yatakuja hapo yenyewe.

Tovuti nyingi, hata hivyo, hazina mlisho wa kazi. Hapo hutumika programu ya kulinda ukurasa, kama Distill, inayokaa ndani ya kivinjari. Hulinganisha ukurasa wa sasa na wa awali, na ikiona tofauti inakuarifu. Wengi huiachia ukurasa mzima, na hapo ndipo wanapoharibu. Tovuti nyingi za taasisi zetu za umma zina kihesabu cha wageni chini kabisa. Kila mgeni akiingia, namba inapanda na wewe unapigiwa kengele bure. Baada ya siku chache unazima arifa zote, na tangazo la kweli linapita. Chagua sehemu yenye orodha ya matangazo tu.

Usikimbilie kuiamuru ikuarifu pale tu neno "mhasibu" linapotokea. Mara nyingi ukurasa huandika "TANGAZO LA NAFASI ZA KAZI" basi, na vyeo vyote vimo ndani ya faili la PDF ambalo programu hailifungui. Kwa ukurasa wa namna hiyo, pokea kila badiliko la orodha, ufungue faili mwenyewe.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni ukimya. Ulinzi unaoendeshwa kwenye kompyuta yako husimama ukiizima au ukifunga kivinjari. Tovuti ikifanyiwa ukarabati, sehemu uliyoichagua huweza kutoweka, na wewe ukadhani hakuna ajira. Kwa hiyo kila wiki fungua orodha ya kurasa unazolinda, utazame lini kila mmoja ulikaguliwa mara ya mwisho na maandishi gani yalipatikana. Ukikuta pametupu, au tarehe ni ya zamani, nenda kwenye tovuti yenyewe siku hiyohiyo uchague sehemu upya. Kurasa zinazotaka uingie kwa nywila ziache nje ya mpango huu. Hizo bado zinahitaji macho yako.