"He" na "She" katika Barua Pepe za Wazungumzaji wa Kiswahili

Katika barua pepe za Kiingereza zinazoandikwa na wazungumzaji wa Kiswahili, kosa moja hujitokeza hata kwa watu wenye Kiingereza kizuri: mwanamke anaandikwa "he", au mwanamume anaandikwa "she". Mara nyingi sentensi ya kwanza huwa sahihi na ya pili pia, kisha katika ya tatu mtu yule yule anabadilika jinsia, na mwandishi anaituma barua bila kuona kasoro yoyote.

Chanzo chake ni sarufi. Kiswahili, kama lugha nyingine za Kibantu, hupanga nomino kwa ngeli, na binadamu wote, wa kike kwa wa kiume, wamo katika ngeli moja ya M-WA. Kiambishi "a-" katika "anakuja" kinamtosha baba na kinamtosha mama. Hali ni hiyo hiyo kwa "-m-" katika "nilimwona", kwa "yeye" na kwa "-ake". Msemaji akitaka kutaja jinsia hakosi maneno: dada, kaka, Bi, Bwana, mke, mume. Lakini hutaja pale tu panapohitajika, na akishataja mara moja, vitenzi vinavyofuata havimdai tena. Kiingereza humdai kila anapotumia kiwakilishi cha mtu mmoja anayezungumziwa.

Mwanaisimu Dan Slobin wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, aliliita jambo la aina hii kufikiri kwa ajili ya kusema. Maana yake ni kwamba mtu anapoandaa sentensi huchagua, kati ya mengi anayoyajua, yale ambayo lugha yake inamlazimisha kuyataja. Aliyekulia katika Kiswahili anajua fika kwamba mhasibu wa ofisi yake ni mwanamke. Asichokuwa nacho ni mazoea ya kulikumbuka hilo katika kila kitenzi. Ndiyo maana kumhesabu mtu huyo kuwa hajui Kiingereza ni kumwonea. Wazungumzaji wa Kifini, Kituruki na Kihangari, ambao nao wana kiwakilishi kimoja kwa wote, huteleza papo hapo.

Mfano ufuatao umetungwa, lakini unafanana na barua nyingi za ofisini:

```
Ms. Zawadi is on leave until 14 June. She has asked me
to send you the report. He will call you when he is back.
For the insurance form, please use his husband's address.
```

"She" ya kwanza imekaa sawa kwa sababu imefuatana na "Ms. Zawadi"; jinsia bado iko mbele ya macho. Baada yake kumeingia mwandishi mwenyewe, mwandikiwa na ripoti, na Bi Zawadi amerudi nyuma. Mwandishi anapofika sentensi ya tatu, kichwani mwake kuna "atakupigia akirudi". Viambishi vyote viwili ni "a-", na hakuna kinachomuuliza kama anayepiga ni mwanamke au mwanamume. Mkono unaandika neno la kwanza linalokuja.

Kosa la mwisho, "his husband", lina sababu yake ya pekee, na ndilo gumu kuliko yote kuliacha. Katika Kiswahili kimilikishi hupatana na kinachomilikiwa: gari lake, kitabu chake, mume wake. Jinsia ya mwenye mali haina athari yoyote kwenye neno. Kiingereza hufanya kinyume. Humtazama mwenye mali na kukipuuza kinachomilikiwa. Mwandishi aliyezoea kukiangalia kilichomilikiwa anamwona mume, yaani mwanamume, na anachagua "his". Kwa njia hiyo hiyo "Juma na mkewe" hugeuka "Juma and her wife". Popote panapotajwa mume, mke, mama, baba, binti au mtoto wa kiume wa mtu, hapo ndipo pa kutazamwa kwanza. Anayeandika Kifaransa kutoka Bukavu au Bujumbura hupata nafuu kidogo mahali hapa, kwa kuwa katika "son mari" neno "son" hufuata jinsia ya "mari", si ya mke mwenye mume. Ugumu wake unabaki kwenye "il" na "elle".

Madhara hutegemea jina. Mswahili anajua kwamba Neema kwa kawaida ni mwanamke na Juma ni mwanamume, lakini Zawadi, Furaha na Amani huweza kuwa yeyote. Mpokeaji aliye Leeds au Toronto huenda asijue hata Neema ni nani. Kama barua haina "Ms.", kiwakilishi ndicho habari pekee aliyo nayo, na hawezi kuona kosa lolote. Ataandika "Mr. Zawadi" kwenye barua ya mwaliko itakayopelekwa ubalozini pamoja na pasipoti yenye alama ya F, au atampangia mgeni wa semina chumba kimoja na mwanamume. "Ms." ikiwepo, mpokeaji makini atauliza. Asiye makini ataamini kwamba huyo "he" ni mtu mwingine, mfanyakazi mwenza atakayepiga simu, naye atakaa akiisubiri simu ya mtu asiyekuwepo.

Kompyuta haisaidii sana. Kikagua tahajia hakina la kusema, kwa maana "he" na "she" yote ni maneno sahihi, na sentensi yenye "he" imekamilika kisarufi. Kusoma upya haraka nako hakutoshi, kwa sababu anayesoma ni yule yule anayejua alichokusudia. Kinachofanya kazi ni kuyatafuta maneno yenyewe baada ya barua kukamilika. Katika kivinjari hubonyezwa Ctrl+F, kisha huandikwa neno. Tatizo ni kwamba "he" imo ndani ya "the" na "she", na "his" imo ndani ya "this". Kwa hiyo huwekwa nafasi kabla na baada ya neno, au katika Word huchaguliwa Find whole words only. Njia ya nafasi hulikosa neno linaloanza aya au lililofuatwa na alama ya mkato, hivyo mwanzo wa kila aya utazamwe kwa macho. Kila linapopatikana neno, swali ni moja tu: huyu ni nani? Barua fupi haichukui hata dakika moja.

Njia nyingine ni kurudia jina pale ambapo mtu mwingine au jambo jingine limeingia katikati: "Ms. Zawadi will call you". Kiingereza cha ofisini hakikatai. Iwapo jinsia haijulikani, Waingereza wenyewe hutumia "they" kwa mtu mmoja, matumizi ya tangu karne ya 14, ila aliyezoea kulisoma kama "wao" anaweza kudhani watu ni wengi.

Barua ikishatumwa na kosa, maelezo marefu kuhusu sarufi ya Kibantu hayahitajiki. Mstari mmoja wa masahihisho unatosha: "Correction: Ms. Zawadi will call you when she is back, and the address is her husband's." Kwa barua za visa, bima na malazi mstari huo utumwe siku hiyo hiyo, kabla mpokeaji hajajaza fomu.