Siku thelathini za notisi huhesabiwa kurudi nyuma

Ofisi moja ya Nairobi, tuseme, imekodi mashine ya fotokopi kwa mkataba wa mwaka mmoja unaojihuisha wenyewe Julai 1, 2026. Anayetaka kujitoa anatakiwa kumpa mwenzake notisi ya maandishi si chini ya siku 30 kabla ya tarehe ya kuhuishwa. Siku ya mwisho ni ipi?

Wengi watajibu Juni 1. Hesabu yao inaanzia Juni 30 kama siku ya kwanza, inarudi nyuma, na siku ya thelathini inaangukia Juni 1. Tatizo ni maneno "si chini ya". Mahakama zinazofuata sheria ya Kiingereza huyasoma kwa kawaida kuwa siku 30 kamili, bila kuhesabu siku notisi inapotolewa wala siku ya kuhuishwa. Juni yote ina siku 30, kwa hiyo notisi lazima iwe imetolewa kufikia Mei 31.

Mei 31, 2026 ni Jumapili, na kesho yake ni sikukuu ya Madaraka. Hapa ndipo watu huumia. Wamezoea kwamba siku ya mwisho ikiangukia sikukuu, muda husogezwa mbele, na sheria ya Kenya husema hivyo kuhusu muda uliowekwa na sheria zenyewe. Muda wa mkataba hausogei hivyo mpaka mkataba useme. Ukihesabu kurudi nyuma, wikendi hukunyang'anya siku. Mikataba mingi pia husema barua pepe iliyotumwa siku isiyo ya kazi itahesabiwa kupokewa siku ya kazi inayofuata, ambayo hapa ni Jumanne, Juni 2. Umechelewa, na mwaka mzima wa kodi unakudai. Kwa hiyo tarehe salama ni Ijumaa, Mei 29, ndani ya saa za kazi.

Je, inahesabiwa siku uliyotuma au waliyopokea? Soma kwanza kifungu cha notisi, mara nyingi karibu na mwisho wa mkataba. Kikinyamaza, chukulia siku ya kupokea. Mwaka 1973, katika kesi ya Holwell Securities dhidi ya Hughes, Mahakama ya Rufani ya Uingereza iliamua kuwa pale mkataba unapotaka mtu apewe notisi, kuitia barua posta hakutoshi. Katika kesi ile barua haikufika, na aliyeituma akapoteza haki yake. Sheria ya Mikataba ya Kenya, Sura ya 23, ndiyo iliyoipokea sheria ya mikataba ya Uingereza.

Kifungu kikisema barua ya posta itahesabiwa kupokewa siku 3 za kazi baada ya kutumwa, mimi ningeitia posta kufikia Ijumaa, Mei 22. Lakini bora zaidi ni kuipeleka kwa mkono, anwani ile ile iliyoandikwa mkatabani, na kurudi na nakala yenye muhuri wao, tarehe na saini ya aliyepokea.