Dogo wa gereji akicheka, uliza mfuko wake

Anayeijua Mtwara anajua kwamba utani wetu hauna haya. Mtani anakuja msibani, anamwigiza marehemu alivyokuwa akitembea, anaziba njia mpaka apewe chochote. Hakuna anayenuna, kwa sababu mtani huyohuyo ndiye anayeshika jembe kaburini, na siku akifiwa yeye, zamu ni yako. Jandoni nako vijana huchezewa sana, lakini kuna siku ya kutoka, wanashangiliwa, na kuanzia hapo hakuna wa kuwaita wasungo.

Kwa hiyo utani wa kweli una mambo mawili: unarudishwa, na una mwisho. Hebu tupime gereji kwa kipimo hicho.

Kijana mmoja ninayemfahamu aliingia gereji hapa mjini kujifunza ufundi. Wiki ya kwanza akakabidhiwa ndoo: "Dogo, kimbia gereji ya pili, waambie wakujazie upepo wa tairi." Akaenda. Kule wakaangua kicheko, wakamtuma gereji ya tatu. Aliporudi, fundi alimnunulia chai na chapati. Hapo sina neno. Kila fundi pale aliwahi kubeba ndoo hiyo.

Mambo yaligeuka mwezi wa nne. Wameshusha gia boksi, mteja kalipa, kijana akauliza posho yake. Fundi akajibu kwa sauti, "Jamani, Ndoo nayo inadai!" Gereji nzima ikacheka, dogo akanywea. Wiki tatu hakuuliza tena. Kisha spana namba 13 ikapotea, kumbe mwenzake kaificha kwa mzaha. Ilipoonekana, kijana alikuwa ameshakatwa shilingi 10,000, na hazikurudi. Siku alipojaribu kumtania fundi kuhusu kitambi chake, aliambiwa akae nyumbani siku mbili.

Umeona, msomaji? Ndoo ya kwanza ilimgharimu fundi chai. Ndoo ya pili ilimwokolea posho ya watu. Kicheko kilekile, kazi nyingine kabisa: kumziba dogo mdomo bila hata kumgombeza.

Kwa aliyeajiriwa, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 iko wazi. Mwajiri anayedai hasara amweleze mfanyakazi kwa maandishi, ampe nafasi ya kujitetea, na makato yasizidi robo ya ujira wake. Lakini dogo wa gereji mara nyingi hana karatasi yoyote. Ndiyo maana siku ya kwanza aende na mjomba wake, wakubaliane na fundi mbele ya mtu wa tatu: atajifunza miezi mingapi, posho ni kiasi gani, na kifaa kikipotea nani analipa.

Baada ya hapo wamtume ndoo ya upepo hata mara kumi. Akirudi, naye aruhusiwe kumuuliza fundi lile tumbo lina miezi mingapi.