Faili la Rangi, Wino Mweusi (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tuliona kwa nini katriji za rangi huisha mapema. Leo tuchukue kazi ambayo steshenari ya Geita au Kahama inaweza kuipokea: kikundi cha wachimbaji wadogo kimeleta PDF ya kurasa 40, nyaraka zilizoskaniwa pamoja na ramani ya eneo la leseni. Faili ni zito, halipiti kwenye barua pepe, na mteja anataka nakala nyeusi tu.

Ghostscript, programu ya bure, huligeuza kuwa la kijivu kwa amri moja (kwenye Windows, badala ya gs andika gswin64c):

```
gs -o kijivu.pdf -sDEVICE=pdfwrite -sColorConversionStrategy=Gray -dProcessColorModel=/DeviceGray -dPDFSETTINGS=/ebook rangi.pdf
```

Wengi hudhani kuondoa rangi ndiko kunakopunguza uzito. Ni kweli kwamba kila nukta ya rangi hubeba namba tatu, yaani nyekundu, kijani na bluu, na ya kijivu hubeba moja. Lakini picha za skana kwa kawaida zimeshabanwa kwa JPEG, na JPEG huibana rangi zaidi kuliko mwanga, kwa hiyo ukiiondoa huokoi theluthi mbili, mara nyingi ni kidogo tu. Kinachopunguza hasa ni /ebook, inayoshusha picha za nukta 300 kwa inchi hadi 150. Ukurasa wa A4 wenye nukta kama milioni 8.7 hubaki na milioni 2.2 hivi. Maandishi madogo ya mhuri yakififia, ondoa -dPDFSETTINGS=/ebook kwenye amri na urudie, ukikubali faili zito zaidi.

Wino nao una hila zake. Printa nyingi za wino wa maji huchanganya rangi zote kupata kijivu, hata faili likiwa halina rangi. Kwenye mipangilio ya printa chagua wino mweusi peke yake, la sivyo kazi yote ni bure. Na ukurasa wenye usuli wa bluu iliyokolea utageuka kijivu kizito kinachokunywa wino mweusi; ni afadhali kuufifisha usuli huo kwenye faili la awali.

Sasa ramani. Kanuni inayotumika sana huzidisha nyekundu kwa 0.299, kijani kwa 0.587 na bluu kwa 0.114. Nyekundu kamili, 255, hutoa 76. Kijani cha kiza chenye 130 pia hutoa 76. Mpaka wa leseni uliochorwa kwa nyekundu na ule wa jirani wa kijani inaweza kutoka kwa kijivu kinachokaribiana sana, na Geita mstari wa mpaka si jambo la kupotezwa! Aliyechora ramani akiwa karibu, aubadilishe mmoja uwe wa vistari. Asipokuwepo, uprinti ukurasa huo pekee kwa rangi kutoka kwenye faili la awali, uuchomeke mahali pake.