Prompta haijui Kiswahili

Mzee alikuja na suti ya kijivu na tai aliyofungiwa na binti yake. Alikuwa mwenyekiti wa chama kimoja cha akiba na mikopo, na siku hiyo alifika kwenye chumba chetu kidogo cha kurekodia, Dar es Salaam, kuwasomea wanachama wake tangazo la dakika mbili. Skripti niliiandaa mimi. Taa zikawashwa, maandishi yakaanza kupanda kwenye kioo, naye akasoma kwa ile sauti yake ya kikao: "Ndugu wanachama, habari za leo. Pumzika."

Nikasimamisha. "Samahani mzee, hiyo 'pumzika' haisomwi. Ni ya kukukumbusha utulie kidogo."

"Sasa kijana wangu, kama haisomwi, umeiandika ya nini?"

Sikuwa na jibu, na hadi leo sijalipata. Nilijifariji miaka kadhaa baadaye, Aprili 2024, Rais Joe Biden alipokuwa akiwahutubia wafanyakazi wa ujenzi mjini Washington. Alifika penye maneno ya kuomba miaka minne mingine, akayasoma, kisha akaunganisha na neno la Kiingereza lenye maana ya "tua". Dunia ikamcheka yeye. Mimi nilimfikiria aliyeandaa maandishi yale.

Kifaa chenyewe si cha ajabu. Chini ya lenzi ya kamera hulazwa skrini inayoonyesha maandishi yaliyogeuzwa kushoto kulia, na juu yake husimamishwa kioo chembamba kilichoinama nyuzi 45. Msomaji huona maandishi yamenyooka juu ya kioo, na kamera iliyo nyuma ya kioo hicho, ndani ya kitambaa cheusi, haioni herufi hata moja. Inamwona yeye tu, akiitazama machoni. Maandishi huwa meupe juu ya weusi ili kioo kisitoe mng'ao. Siku hizi watu hutumia hata simu au tableti badala ya skrini, na kanuni ni ileile.

Jambo ambalo wengi hawaligundui hadi wajione kwenye picha ni kwamba macho hutoa siri. Mstari ukiwa mpana, mboni huanza kutembea kushoto kwenda kulia, kushoto kwenda kulia, na mtazamaji anajua mara moja kuwa huyu anasoma. Kwa hiyo upana wa mstari, ukubwa wa herufi na umbali wa msomaji ni kitu kimoja, huwezi kubadilisha kimoja ukaviacha vingine. Sisi humkalisha msomaji mita 3 kutoka kwenye kioo, herufi kubwa ikiwa na kimo cha sentimita moja na nusu hivi, na mstari tunaufunga kwenye herufi 24, nafasi zikihesabiwa. Mstari huo hutoka na upana wa kama sentimita 25, na kwa umbali ule macho hayatembei zaidi ya nyuzi 5. Mlete mtu huyohuyo mita moja na nusu kwa maandishi yaleyale, na mwendo wa macho unakuwa mara mbili. Ukimsogeza karibu, punguza herufi kwa kiasi hichohicho.

Ndiyo maana simpi mtu namba ya fonti. Saizi 60 kwenye tableti na saizi 60 kwenye skrini ya inchi 17 ni vitu viwili tofauti. Chukua rula upime kwenye skrini, kisha umwambie msomaji asome kutoka pale atakapokaa, taa zote zikiwa zinawaka na miwani yake ikiwa usoni ikiwa ataivaa siku ya kurekodi. Akikunja uso, ni ndogo. Kikomo cha upande wa pili ni idadi ya mistari: ikionekana minne tu kwa wakati mmoja, msomaji haoni sentensi inakoelekea, na sauti yake inashuka mahali pasipo na nukta. Mimi hupenda aone mistari saba au minane.

Jingine dogo kuhusu fonti. Usiandike kila kitu kwa herufi kubwa, ingawa vyumba vingi vya habari vina mazoea hayo. Kwa herufi ndogo kila neno huwa na umbo lake, herufi ndefu zikichomoza juu na zenye mikia zikishuka chini, na herufi kubwa hulifanya kila neno kuwa tofali. Halafu kuna Arial. Ni fonti safi, lakini I kubwa na l ndogo ndani yake zinafanana. Nimemsikia mtu akikwama kwenye neno "Ilala," na yeye mwenyewe anaishi Ilala. Nikahamia Verdana, ambayo I yake kubwa ina vifuniko juu na chini.

Sasa tuje kwenye mstari wenyewe, maana hapa ndipo ushauri wa kigeni unapotutupa mkono. Waandaaji wa Kiingereza huambiwa waweke maneno manne au matano kwa kila mstari. Kwetu neno moja linaweza kubeba sentensi nzima. "Walivyowashughulikia" lina herufi 20, na kwenye mstari wa herufi 24 limemaliza kazi. Kwa hiyo hesabu herufi, maneno yaache. Na ukiiachia programu ikate mistari yenyewe, itakata inapoishiwa nafasi, bila kujua "ya" ni mali ya nani. Tazama ilichoifanya sentensi ya mzee wangu:

```
Wanachama wanaodaiwa
mikopo iliyochukuliwa
kabla ya Juni 1
watapunguziwa riba iwapo
watakamilisha marejesho
yao yote kabla ya saa
10:00 jioni tarehe 15
Desemba.
```

Soma kwa sauti, ukitulia kidogo kila mwisho wa mstari kama jicho linavyolazimika kutulia. "Iwapo" limening'inia. "Saa" imeachana na saa yenyewe, na tarehe imeachana na mwezi wake. Mzee alisoma "kabla ya saa," akanyamaza, akaiona 10:00, akasema "kumi kamili." Ya kurudia. Pia alisoma "Juni moja," akajisahihisha kwa "Juni mosi," na marekebisho hayo yote yamo kwenye rekodi tuliyoitupa.

Kuikata upya tu hakutoshi. Sentensi hii iliandikwa kwa ajili ya barua, ambako msomaji anaweza kurudi nyuma. Ilibidi niivunje iwe mbili, vitenzi vipunguzwe uzito, na tarakimu ziandikwe kama zitakavyotamkwa:

```
Kuna wanachama waliokopa
kabla ya Juni mosi.

Hao watapunguziwa riba,
wakimaliza deni lote
kabla ya saa kumi jioni,
Desemba kumi na tano.
```

Hakuna mstari unaozidi herufi 24, na kila mmoja ni kipande ambacho mtu angekisema kwa mkupuo hata bila karatasi. Kanuni ninazofuata ni chache: "wa," "ya," "za" na ndugu zao wote haziachwi mwisho wa mstari, "si" na "kama" huenda na linalofuata, jina la mtu na cheo chake hukaa pamoja vikienea, na neno halikatwi katikati kwa kistari, hata liwe refu kiasi gani.

Kuhusu tarakimu, sisi tuna tatizo ambalo Mwingereza hana. Namba 2 haina sauti moja. Watu ni wawili, magari mawili, viti viwili, nyumba mbili. Msomaji aliyeona "2 kati ya magari hayo" atatamka kabla hajajua anahesabu nini. Andika "magari mawili kati ya hayo," na jicho halitakuwa na la kukisia. Saa nazo ni mtego, hasa taarifa ikitoka kwenye ofisi inayoandika kwa mtindo wa Kiingereza. Ukiacha 2:00 pale ambapo mkutano ni saa nane mchana, kuna siku msomaji atawaita watu saa mbili.

Nirudi kwenye lile "pumzika." Baada ya siku ile niliapa kuwa hakuna neno litakaloingia kwenye kioo ambalo mtu hatakiwi kulitamka, liwe kwenye mabano ya mraba au limekolezwa rangi. Anayesoma huku taa zinamchoma hasomi mabano, anasoma maneno. Alama iwe kitu kisicho na sauti. Situmii zaidi ya tatu. Mwisho wa mstari ni mtuo mdogo ambao hauhitaji alama. Mkwaju mmoja, /, ni pumzi fupi katikati ya mstari, mathalani kabla ya jina ambalo wasikilizaji wanalingojea. Mstari mtupu ni kutua kweli, wazo limeisha na lingine linaanza.

Kipi utumie inategemea nani anayasogeza maandishi. Kukiwa na mtu kwenye usukani wa prompta, yeye humfuata msomaji. Msomaji akitulia kwenye mkwaju, maandishi nayo yanatulia. Lakini programu ya simu inayopandisha maandishi kwa kasi moja haimsubiri mtu. Mkwaju hauchukui nafasi, basi kila anapoutii, anabaki nyuma, na baada ya mikwaju mitano anakimbizana na mstari unaotoweka juu. Kwenye programu ya namna hiyo tumia mistari mitupu, maana mstari mtupu unapopita ndio muda wenyewe wa kunyamaza. Kwa msomaji wa kawaida mstari wa herufi 24 huchukua kama sekunde mbili, na mtupu vilevile. Kwa hiyo hata urefu wa tangazo naupima kwa mistari: mistari 30 ni kama dakika moja. Mpime wako kwa saa ya simu kabla ya kuamini hesabu yangu.

Alama ya swali nayo huchelewa. Kwa Kiswahili "mkopo huu utaongezwa" na "mkopo huu utaongezwa?" ni maneno yaleyale kwa mpangilio uleule, tofauti ni sauti, na alama iko mwisho, pengine mistari miwili chini. Msomaji ameshashusha sauti ndipo anaiona. Tanguliza "Je," na tatizo limekwisha.

Tulirekodi mara ya tatu na mzee akaimaliza bila kukwama. Kasoro ikawa moja: alipofika kwenye "Asanteni," maandishi yalikuwa yamefika mwisho na kugoma kupanda, neno likabaki chini kabisa ya kioo, naye akamaliza akitazama kifua cha kamera. Tukarudia kipande hicho peke yake. Tangu hapo baada ya neno la mwisho huacha mistari mitupu kumi, ili lifike juu usawa wa lenzi, na baada yake naweka nukta moja kubwa nyeupe. Mzee aliitazama nukta ile kimya, bila kupepesa, hadi nikamwambia tayari.

"Na hii," akauliza akifungua tai, "nayo haisomwi?"