FEDHA ZA MSAADA KWENYE SIMU: JINSI YA KUZITOA BILA KUPOTEZA

Katika makazi ya wakimbizi nchini Uganda kama Nakivale na Kyangwali, familia nyingi hupokea fedha badala ya chakula au vifaa. Fedha zikipitia simu, shirika hutuma orodha ya majina, namba za simu na kiasi kwa kampuni ya simu, nayo huziweka kwenye akaunti ya kila laini. Jina la laini lisipolingana na la kwenye orodha, malipo yanaweza kukwama. Kwa hiyo usitumie laini ya jirani.

Ujumbe ukifika, hakikisha kwanza salio lako. Mwenye laini ya MTN hupiga *165#, na wa Airtel *185#.

Salio la 60,000 halitoki lote mkononi. Kuna ada ya kutoa, inayopanda kwa ngazi kufuatana na kiasi. Kuna pia kodi ya serikali, ambayo tangu mwishoni mwa 2018 ni nusu ya asilimia moja ya kiasi unachotoa, yaani shilingi 5 kwa kila 1,000.

Tuseme ada ya kutoa 58,000 ni shilingi 1,500. Kodi ni 290. Jumla inayoondoka ni 59,790, na simuni zinabaki 210. Lakini ukitoa mara tatu, 19,000 kila mara, na ada ni 900 kila mara, utalipa ada 2,700 na kodi 285. Mkononi utakuwa na 57,000 tu. Umepoteza shilingi 1,000 kwa kugawa. Baadhi ya miradi huongeza fedha za ada juu ya msaada. Uliza kama wako ni mmojawapo.

Kwa wakala wa MTN, mtajie kiasi. Yeye huanzisha utoaji, kisha simu yako hukuonyesha kiasi na kukuomba namba ya siri. Soma kiasi hicho, kisha ibonyeze namba mwenyewe. Usimtajie wakala, wala usimwachie simu. Ada tayari imekatwa kwenye salio, na kampuni humlipa wakala kamisheni. Akidai "chai" juu yake, huna deni naye.

Siku ya malipo wakala huweza kuishiwa noti kwa sababu watu ni wengi. Fedha zako haziendi popote; rudi kesho au tafuta mwingine.

Jihadhari zaidi wakala akisema, "Mtandao umegoma, bonyeza tena." Kabla ya kurudia, angalia salio. Likiwa limepungua, utoaji umefanyika na anapaswa kukupa noti. Akikataa, usifute ujumbe: una namba ya muamala, ambayo kampuni ya simu na dawati la malalamiko la shirika watakuuliza kwanza.