Usaha Uliorudi Baada ya Dawa

Kijana amechomwa sindano ya kisonono na kumeza azithromaisini ya mara moja. Siku ya nne yuko salama. Wiki ya tatu, asubuhi, anakuta doa kwenye chupi, na mkojo unachoma tena.

Huenda ameambukizwa upya na mwenzi ambaye hakutibiwa; hilo liulizwe kwanza, bila aibu. La sivyo, mshukiwa mkubwa ni maikoplazma ya sehemu za siri. Kimelea hiki hakina ukuta wa seli, na sindano ile hufanya kazi kwa kubomoa ukuta huo. Azithromaisini nayo, sehemu nyingi, kimeshaizoea.

Kwa hiyo kurudia dozi ileile dukani ni kukikomaza tu. Kinachotakiwa ni kipimo cha vinasaba vya kimelea kwa mkojo wa mwanzo, baada ya kukaa angalau saa moja bila kukojoa. Kikionekana, kwa kawaida daktari huanza na doksisaiklini siku 7, kisha moksifloksasini siku 7.

Rudi upimwe wiki 3 baada ya kumaliza dawa. Ukiwahi, mabaki ya vimelea vilivyokufa yanaweza kutoa jibu la uongo. Mpaka majibu yatoke, msikutane kimwili, na mwenzi wako naye apimwe.